Wa kwanza kuhitimu, na simu ya nyumbani inayoachwa ilie

*Nina miaka 27, mzaliwa wa Busia, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kumaliza chuo kikuu. Sasa ni mhasibu Kampala. Mama anauza dagaa wa mukene sokoni, kaka yangu aliishia P.7 mwaka 2005 na ni fundi wa pikipiki. Baba mdogo aliuza kipande cha shamba ili nimalize mwaka wa mwisho. Nikienda nyumbani nakaa kama mgeni, na nikiingia watu wanaacha mazungumzo. Nikiwa Kampala simu yao ikilia nashtuka, najua ni pesa. Mara nyingine siipokei, halafu usiku silali. Sina la kuongea nao tena. Je, nimekuwa mtu asiye na shukrani?*

Hapana, dada. Asiye na shukrani hakosi usingizi kwa ajili ya simu aliyoiacha ilie. Lakini sitaki kukupoza kwa maneno tu, kwa sababu hiyo hatia unayoibeba si kitu kimoja. Ni mambo matatu yaliyofungwa fundo moja, na kila moja lina namna yake ya kushughulikiwa. Watu wengi walio katika hali yako hutuma pesa kutibu yote matatu kwa pamoja, kisha wanashangaa mbona moyo haupoi.

La kwanza ni deni. Shamba la baba mdogo ni deni: lina mtu, lina kiasi, na linaweza kulipwa kwa namna fulani. La pili ni kosa: simu ulizoziacha zilie, ahadi uliyotoa ukaisahau, maziko ambayo hukwenda na ungeweza kwenda. Kosa lina tendo na lina siku. Linarekebishwa kwa kulisema na kuacha kulirudia. La tatu ndilo zito, na ndani yake hamna kosa lolote: wewe umepata kitu ambacho kaka yako na mama yako hawakukipata, na kila ukila vizuri Kampala unakumbuka hivyo. Hilo halilipiki kwa shilingi, maana hakuna aliyekukopesha.

Kwa hilo la tatu, hebu tazama kalenda. Elimu ya msingi ya bure Uganda, UPE, ilianza 1997, na mwanzoni ilikuwa kwa watoto wanne tu katika kila familia. Mama yako wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Ile ya sekondari, USE, ilianza 2007 kwa wanafunzi wa S.1. Kaka yako alimaliza P.7 mwaka 2005, kwa hiyo S.1 yake ilikuwa iwe 2006, mwaka mmoja kabla ya mlango kufunguliwa. Wewe ulipofika hapo mpango ulikuwa umeshazoeleka. Sisemi serikali ndiyo iliyokusomesha. Ungali ulihitaji sare, chakula cha mchana, na baadaye lile shamba. Ninachosema ni kwamba kati yako na kaka yako hakuna aliyechaguliwa kwa kuwa bora na mwingine akaachwa kwa kuwa dhaifu, na hukuchukua kiti chake. Kama hujawahi kuliweka jambo hili katika miaka yake namna hii, liweke, na siku moja liseme mbele yake. Huenda naye kwa miaka yote hii amekuwa akidhani alishindwa.

Hali hii imechunguzwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa saikolojia Marekani, Rebecca Covarrubias na Stephanie Fryberg, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo ambao wazazi wao hawakusoma chuo. Waliwakuta wana hatia ya mafanikio kuliko wenzao wenye wazazi wasomi. Kisha wakawafanya wakumbuke wakati ambapo waliisaidia familia yao katika tatizo fulani, na hatia ikapungua. Ni wanafunzi wa kule, si wa Kyambogo wala Makerere, na kukumbuka mara moja hakumalizi jambo la miaka. Lakini angalia kilichopunguza hatia: kujiona kwamba bado ni mtu wa manufaa ndani ya nyumba yao. Hapo ndipo nitakaporudi tukifika kwenye safari ya Busia.

Kabla ya hapo, chukua karatasi na uandike kila jambo linalokunyima usingizi, moja kwa mstari. Kwa kila mstari jiulize: nilifanya nini, lini, na nani aliumia? Ukipata jibu kamili, hilo ni kosa. Ukipata mtu na kiasi, ni deni. Ukibaki na jibu la aina ya "mimi ninalo, wao hawana", weka alama pembeni na usilitumie pesa. Utaona kwamba mistari mingi iko katika kundi hili la mwisho, na ndiyo iliyokuwa ikikumalizia mshahara.

Sasa simu. Ulivyoeleza, mambo yanazunguka hivi. Nyumbani wanapiga wakiwa na shida, kwa sababu dakika za simu ni pesa na mtu hapigi kusalimia tu. Wewe umejifunza kwamba simu ni ombi, unashtuka, huipokei. Ukiacha kuipokea unapata nafuu ya nusu saa, na hiyo nafuu ndiyo inayokufundisha kuiacha tena kesho. Usiku hatia inakuja, asubuhi unatuma kiasi kikubwa kuliko uwezo wako, bila maneno. Nyumbani wanaona kwamba ukikaa kimya, baadaye pesa inakuja kubwa. Nao wamejifunza kitu. Baada ya mwaka wa mzunguko huo, hamna la kuongea, si kwa sababu umesoma, bali kwa sababu kila mara mnapozungumza mnazungumzia pesa.

Mzunguko huu hauvunjwi kwa kujilazimisha kupokea kila simu. Unavunjwa kwa kutenganisha siku ya pesa na siku ya maneno. Chagua siku moja ya mwezi, siku mbili tatu baada ya mshahara, iwe ndiyo siku ya kutuma. Kisha chagua jioni moja ya wiki, tuseme Jumatano baada ya chakula, upige wewe, kwa dakika zako, na katika simu hiyo usitaje pesa kabisa. Wakitaja wao, sema, "Hilo nimelisikia mama, nitakujibu kesho jioni," kisha endelea na mazungumzo.

Kesho jioni ujibu kweli, hata kama jibu ni hapana. Hizo saa 24 zina kazi kubwa: ahadi inayotolewa moyo ukiwa umeshtuka huwa kubwa kupita kiasi, na isipotimia inageuka kosa jipya kwenye karatasi yako. Kitu kimoja tu hakingoji kesho, nacho ni mgonjwa aliye hospitalini.

Utasema, nitaongea nini hiyo Jumatano? Usiulize "habari za huko", maana jibu lake ni "nzuri" na mazungumzo yameisha. Uliza jambo dogo lenye jina. Mukene wa wiki hii umetoka wapi, na mchanga ni mwingi? Yule mama wa meza ya jirani amerudi kutoka kwa binti yake? Mvua imeanza? Na wewe toa jambo dogo la kwako, hasa lile ambalo umelikosea au limekushinda: umeunguza maharage, mwenye nyumba ameongeza kodi, taksi imekushusha mbali ukatembea juani. Watu wa nyumbani hawajui maisha yako ya Kampala kwa sababu unawapa matokeo tu: nimepata kazi, nimehamia Ntinda. Kwa matokeo mtu hana la kukujibu ila hongera. Dakika 10 zinatosha. Simu za mwanzo zitakuwa na ukimya mrefu; vumilia, usizifupishe.

Tuje kwenye kiasi, kwa sababu wewe ni mhasibu na najua hutatulia mpaka uone hesabu. Sijui mshahara wako, basi tuchukue mfano wa mtu anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato. NSSF inachukua asilimia 5, yaani 60,000. Kodi ya mshahara, kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka mingi, ni kama 262,000. Mkononi zinabaki 878,000. Chumba na sebule 250,000, nauli 150,000, chakula 200,000, umeme, maji na vocha 60,000. Zinabaki 218,000. Nyumbani wao wanasikia milioni moja na laki mbili; wewe unaishi na 218,000. Katika tofauti hiyo ndimo mnamozalia manung'uniko.

Katika hizo 218,000, mtu huyu anaweza kuweka 120,000 za nyumbani kila mwezi, 50,000 za mfuko wa dharura, yaani ugonjwa na maziko, na 48,000 akiba yake. Mfuko wa dharura usiukae nao kwenye simu ya kila siku. Uweke kwenye laini nyingine au kwenye sako ya kazini, la sivyo utaisha kwa mambo yasiyo dharura. Ukiwa mtupu, na mtu akaomba, jibu ni kwamba mfuko umeisha mwezi huu. Hilo ni jibu la kweli, na ni rahisi kulitamka kuliko "sina", ambalo nyumbani halisadikiki kwa mtu mwenye kazi ya ofisini.

Kutuma mara moja kwa mwezi kuna faida nyingine ya wazi kabisa. Kila ukituma pesa kwa simu unakatwa, na mama akienda kuitoa kwa wakala anakatwa tena, pamoja na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa. Ukituma 20,000 mara sita, makato yanajirudia mara sita. Na kila kutuma ni tukio: kuna anayeomba, kuna anayeshukuru, kuna anayesikia kwamba fulani amepewa. Mara moja kwa mwezi, tukio ni moja.

Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani hesabu hii, mama au kaka, kwa maneno na kwa karatasi. Usidanganye mshahara, ukipunguza au ukiongeza. Siku mtu wa Busia akikutana na mwenzako wa kazini, uongo huo utakugharimu zaidi ya pesa. Eleza hasa kodi ya nyumba. Anayelala katika nyumba yake mwenyewe miaka yote hawezi kukisia kwamba mtu analipa 250,000 kila mwezi kwa kuta za mwenzake, tena bila kupewa hata pa kupanda sukuma.

Utakapoanza mpango huu, miezi miwili mitatu ya kwanza maombi yataongezeka. Si ubaya wa watu. Wanapima kama siku ya pesa ni ya kweli. Ukitoa katikati ya mwezi mara moja tu kwa jambo lisilo dharura, umewafundisha kwamba wakisisitiza sana mpango unavunjika, na kipimo kinaanza upya. Pia ndugu wengine watapita kwa mama: "mwambie binti yako." Hapo mama anageuka mlango wa kila mtu na anaumia pande zote mbili. Mpe sentensi ya kusema: "Ana siku yake, mpigie mwenyewe." Wengi hawatapiga.

Baba mdogo sasa. Hili ndilo deni la kweli, na ndilo watu hulikwepa kwa miaka kwa sababu wanadhani njia pekee ya kulilipa ni kurudisha shamba. Hujui anatarajia nini. Huenda hata yeye hajasema kwa mkewe. Kwa hiyo nenda kwake ana kwa ana, si kwa simu na si mbele ya watu, na useme kitu kama hiki: "Baba, shamba uliloliuza sijalisahau. Kurudisha shamba lenyewe siwezi kwa sasa. Nataka kujua ni jambo gani ungependa nilifanye, ili nilifanye mpaka liishe." Kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi mzee wa namna hiyo atasema hakutaka kulipwa. Mshukuru, halafu uliza tena kwa njia nyingine: watoto wanaendeleaje shuleni?

Tuseme ana kijana S.3. Mnakubaliana kwamba utachangia karo yake 150,000 kila muhula, kuanzia muhula wa kwanza wa S.3 mpaka amalize S.4. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, kwa hiyo ni mihula 6, yaani 900,000 kwa jumla. Ukigawa kwa miezi 24, ni 37,500 kwa mwezi, na katika zile 120,000 za nyumbani zinabaki 82,500 za mama. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni, kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, ujumbe wa uthibitisho umpelekee baba mdogo. Si kwamba humwamini. Pesa ya karo ikipita mkononi mwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani itatumika kwa mgonjwa, na nani atamlaumu? Halafu utalipa mara mbili na kinyongo juu.

Zaidi ya kiasi, tazama kwamba makubaliano haya yana mwisho. Deni lisilo na tarehe ya mwisho halipungui hata ukilipa, kwa sababu hakuna siku unayoweza kusema limekwisha. Na baba mdogo naye anapata kitu ambacho pesa ya bahasha haikumpa: amekuona umekuja, umetaja shamba kwa jina lake, na mwanawe yuko darasani kwa mkono wako. Ikitokea akataja jambo kubwa mno, tuseme umjengee nyumba, usikubali wala usikatae pale pale. Zile saa 24 zinatumika hata kwake, na unaweza kurudi na sehemu: mabati, si nyumba.

Tumebakiwa na kiti cha mgeni. Nadhani unakijua: kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, chini ya picha yako ya joho iliyotundikwa ukutani. Chakula kinaletwa kwako kwenye sinia, sahani yako imefunikwa, na uma juu yake, wakati wenzako wote wako jikoni wanamega sima kwenye sahani moja. Hakuna anayekufukuza. Wanakuheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayokuweka peke yako sebuleni.

Mazungumzo kukatika unapoingia kuna sababu mbili tofauti, na unaweza kuzitofautisha. Anayekuonea haya hunyamaza, huficha miguu yenye vumbi, huomba radhi kwa chakula. Anaogopa kwamba umekuja kupima. Mwenye kinyongo hanyamazi. Anakuita profesa, anakuuliza mbele ya watu gari liko wapi. Mwenye haya unamkaribia kwa kufanya kazi karibu naye, bila maneno mengi. Mwenye kinyongo usimjibu kwa utani mbele ya watu, na usimnunulie kitu ili anyamaze. Mtafute akiwa peke yake, umuulize kuna nini. Mara nyingi kuna tukio: mtoto wake aliumwa na simu yako haikupokelewa. Hilo ni kosa lenye siku yake. Liseme kama lilivyo, "ile siku niliona simu yako nikaiacha, nilikosea," bila kuanza kueleza jinsi kazi zilivyokuwa nyingi.

Safari yenyewe ipange hivi. Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200 kwa njia ya Jinja na Bugiri, kwa hiyo ziara ya kufika Jumapili saa sita na kuondoka saa tisa inawezekana, na ndiyo inayoharibu. Katika saa tatu hakuna atakayekuacha uinuke kwenye kiti. Wewe ni mgeni tu. Ondoka Ijumaa baada ya kazi, ulale usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Mara moja kila miezi miwili inatosha na inalipika. Usiende mikono mitupu, lakini chukua kitu kile kile kila safari: sukari, sabuni, mkate. Ukija na magunia leo, safari ijayo utaahirisha kwa kukosa magunia, na hapo umekaa miezi sita hujaonekana.

Usiku wa Ijumaa lala chumba walalacho wenzako. Asubuhi ya Jumamosi, kabla mtu hajakupikia chai, nenda na mama sokoni. Keti chini, pepeta mukene utoke mchanga, chagua vipande vya majani na magamba, jaza mikebe. Mikono ikiwa na kazi, mama ataanza kuongea bila kuulizwa. Vaa nguo unayoweza kuchafua; ukija na ile ya ofisini watakukataza kukaa chini, na watakuwa na haki.

Kuna kosa moja ambalo mhasibu lazima alifanye asipoonywa. Utaona mama anauza kwa mkopo na madeni yote yako kichwani mwake, na utataka kumfungulia daftari kabla ya saa nne. Usifanye. Biashara hiyo ndiyo iliyokupeleka shule, na ushauri wa siku ya kwanza unasikika kama hukumu. Uliza badala yake: anajuaje nani wa kumkopesha na nani wa kumnyima? Utasikiliza elimu kubwa ya mikopo. Siku akisema mwenyewe kwamba fulani anakataa deni, hapo mwulize kama angependa mliandike.

Hapa narudi kwenye ule utafiti. Kuwa wa manufaa si kutuma pesa tu, na mara nyingi pesa ndiyo inayofanya kazi kidogo kabisa, kwa sababu ingeweza kutoka kwa yeyote. Fanya kile ambacho kwako ni rahisi na kwao ni mlima: kujaza fomu za kitambulisho cha taifa cha bibi, kusoma barua ya mahakama ya ardhi, kumsindikiza mama kwenye chama cha mikopo aelewe riba anayokatwa. Na lazima nao wawe wa manufaa kwako. Kwa sasa kila kitu kinatoka Kampala kwenda Busia, na anayepokea tu bila kutoa huanza kukukwepa, au kukuomba zaidi kwa kuwa ndilo jambo pekee linalowaunganisha. Kaka yako ni fundi. Ukitaka kununua pikipiki iliyotumika, au mwenzako wa kazini akitaka, mwite aje aikague injini kwanza, na umlipe nauli na ufundi kama fundi. Ombi liwe la kweli. La kuigiza atalijua mara moja.

Mengine hayatarudi, na ni afadhali uyajue mapema. Huenda usiweze tena kuwaeleza kinachokuchosha kazini, au kwa nini hujaolewa, au kwa nini huamini maneno fulani ya mganga. Usiyalazimishe. Mtafutie mazungumzo hayo mtu mwingine, hasa aliye pia wa kwanza kwao kuhitimu. Kampala wamejaa, na hawalitaji jambo hili mpaka mmoja aanze.

Dalili nyingine si za hatia tena. Ukikopa kwenye simu au kwa wenye riba ili utume nyumbani, simamisha kutuma mpaka mkopo uishe, na uwaambie sababu. Ukikosa usingizi karibu kila usiku kwa zaidi ya wiki mbili, ukashindwa kazi, chakula kikakosa ladha, au ukaanza kufikiri kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, usingoje Jumatano wala ziara. Nenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mtu wa Busia iliyo karibu ni Mbale. Mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyo hiyo, akusindikize.

Anza wiki hii na simu ya Jumatano, peke yake. Siku ya pesa ianze mshahara ujao, baba mdogo kwenye ziara ya kwanza. Miezi mitatu ikipita, fungua orodha ya simu zako na uhesabu zile zilizotoka nyumbani ambazo hazikutaja pesa. Kama ni sifuri, angalia kwanza kama wewe uliwahi kutaja pesa Jumatano, mara nyingi anayeitaja ni aliyesoma, kwa kuuliza tu, "mmepata ile niliyotuma?"